Spea Ishirini na Nne

Kwa miaka kumi na moja nilikaa nyuma ya dirisha lenye upana wa magazeti mawili, nikitoa spana na kupokea spana. Lilikuwa dirisha la stoo ya vifaa katika karakana ya magari iliyokuwa ya serikali, upande wa Elerai, na ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi. Fundi akitaka kifaa alinipa kibati cha shaba chenye namba yake. Nilikitundika kibati kwenye msumari ule ule kifaa kilikotoka, kisha nikampa kifaa. Akirudisha kifaa, alirudishiwa kibati. Kila fundi alikuwa na vibati sita. Aliyemaliza vyote sita alifanya kazi kwa mikono mitupu mpaka arudishe kitu, na maneno yake sikuyasikiliza.

Mbele yangu waliniita Mama Stoo. Nyuma yangu waliniita Forodha. Jina la pili nililipenda zaidi ila sikuwaambia.

Jioni, kabla ya kutoka getini, kila fundi alipita dirishani akasema, "Mama, angalia kama nadaiwa." Mimi niligeuka nikaangalia misumari. Kama hapakuwa na kibati chake, nilijibu, "Hudaiwi," naye akaenda zake. Kama kilikuwepo nilisema, "Unadaiwa plaizi," naye akarudi kuitafuta chini ya gari huku akinung'unika kwa lugha ya kwao. Hakuna aliyetoka bila kuambiwa neno hilo. Walilizoea kiasi kwamba hata siku ambazo hawakuwa wamechukua kitu walipita kulisikia.

Nilikuwa mkali, sikatai. Nilikuwa na sababu. Mume wangu alikwenda Mererani kutafuta mawe ya bluu, na hakurudi yeye wala mawe. Shamba la baba yangu, huko juu ya Makumira, kahawa na migomba yote, waligawana kaka zangu kwa haki kabisa, yaani wao kwa wao. Mimi nilikuwa na chumba cha kupanga Sekei, binti mmoja shule ya bweni, na dirisha.

Halafu ikaja ruksa. Mitumba ikaingia, redio zikaingia, magari yaliyotumika yakaingia kutoka nje kwa wingi, na karakana za serikali zikaanza kuuzwa. Yetu ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Kichaga, mtu wa Machame, msharika mzuri wa Kilutheri, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiuza spea. Sisi tulimwita Bosi kuanzia siku ya kwanza ili tusikosee. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia wote, alilipa kwa wakati, na wiki yake ya pili alituambia wafanyakazi ni wengi na mwisho wa mwezi angewapunguza. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayesema mvua itanyesha.

Siku moja alikuja akasimama dirishani kwangu. Hakuwa na kibati. Alisema amerudi kutoka Nairobi, ameona karakana isiyo na stoo.

"Vifaa vyote viko ukutani, mama," alisema. "Hadibodi yenye matundu, imejaa kulabu. Kila spana na mahali pake, imechorwa umbo lake kwa rangi nyekundu. Fundi anachukua mwenyewe, anarudisha mwenyewe. Kikikosekana kimoja, unaona pengo tangu getini."

"Na mtunza stoo anakaa wapi?" niliuliza.

Alifikiri kidogo. "Hawana," alisema.

Aliagiza ubao huo huo kwa ajili yetu. Ungewekwa kwenye ukuta mrefu wa tofali uliopigwa lipu, ule ulioanzia kwenye kona ya dirisha langu. Nilimwambia ni wazo zuri. Usiku huo sikupika.

Mzigo uliletwa na pikapu kupitia Namanga, ukiwa kwenye kreti la mbao. Kupokea mizigo ilikuwa kazi yangu, na kazi nikiwa nayo huifanya, hata kama ni ya kujichimbia kaburi. Nilichukua karatasi ya mzigo, iliyopigwa taipu kwa Kiingereza, nikaanza kuhesabu. Shiti mbili za hadibodi yenye matundu, futi nane kwa nne. Zipo. Kulabu mia moja. Zipo. Skrubu za inchi mbili, ishirini na nne, na plagi zake na washa zake. Zipo. Mstari wa mwisho ulikuwa na neno moja na namba: ishirini na nne. Neno nililisoma mara moja tu, nikaandika kwenye daftari langu: Spea, 24.

Inabidi nieleze. Miaka yote ya serikali kazi yangu ya pili ilikuwa kuandika barua za kuomba spea. Niliandika, nikagongewa muhuri, nikatuma, na jibu lilirudi baada ya miezi likisema hakuna. Magari yalisimama uani mpaka nyasi zikaota kwenye injini kwa kukosa kitu cha ukubwa wa kidole. Neno hilo nililitafuta kwenye karatasi za watu kwa muda mrefu kiasi kwamba likikaribia kufanana tu, mimi nilishaliona.

Na zenyewe nilizikuta kwenye mfuko wa kitambaa. Zilikuwa vipande vya mti vya duara, vyeupe, unene wa nusu inchi, kila kimoja na tundu katikati. Nilizigeuza geuza. Hazikufanana na sehemu ya gari lolote nililowahi kulijua.

Fundi seremala wetu alikuwa akipita. Alikuwa mzee wa Kimeru, ametengeneza viti na bodi za mbao za magari tangu mimi nasoma. Nilimheshimu kwa sababu alikuwa fundi pekee aliyerudisha patasi ikiwa imenolewa. Alikuwa pia bingwa wa drafti wa karakana nzima, na hakuwa mnyenyekevu katika hilo.

"Umeletewa nini?" aliuliza.

"Spea."

"Za nini?"

"Hawajasema."

Alichukua mbili, akazigonganisha, akasikiliza. Akamwaga mfuko wote kwenye kaunta akahesabu kwa kidole.

"Ishirini na nne," alisema. "Drafti ni kumi na mbili kwa kumi na mbili. Hapa hakuna cha kubahatisha. Hizi ni kete."

Nilizoea kuona mafundi wakicheza kwa vizibo vya soda juu ya kipande cha boksi, chini ya banda la kuchomelea. Nilifikiri: Bosi hana habari, spea ni za ziada, na kitu cha ziada kina haki ya kwenda kwa mtu. Nikazitoa. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kutoa kitu stoo bila kibati, na naomba lizingatiwe hilo. Mzee alichovya kumi na mbili kwenye oili chafu zikawa nyeusi, kumi na mbili akaziacha hivyo hivyo. Kete ikiingia kingi walichomeka njiti ya kiberiti kwenye tundu la katikati. Kila mtu alisema wazungu wamefikiri sana.

Kesho yake kete moja nyeusi ilibingirika mpaka mlangoni kwangu, wakapiga kelele kama wamegongwa na gari. Niliiokota nikaifungia kwenye droo, wapate adabu. Wakaweka kizibo cha soda mahali pake.

Ubao alipewa Mzee aufunge. Aliufunga kwa siku mbili, na niseme ukweli, ilikuwa kazi safi. Alipiga pimamaji, akatoboa ukuta, akaingiza plagi, akaweka kila skrubu na washa yake ili kichwa kisizame kwenye tundu. Upande laini aliuweka nje. Alilalamika kwamba skrubu ni ndefu mno kwa ubao mwembamba namna ile, kwamba waliozituma wana chuma cha kuchezea, akatoboa mashimo marefu zaidi ili zimezwe zote. Alipomaliza aliweka shavu ukutani akaangalia kwa pembeni. Kati ya ubao na lipu hapakupita hata wembe.

"Umeshikana," alisema.

Na sisi ndivyo tulivyofundishwa. Kitu kikifungwa ukutani kinatakiwa kishikane na ukuta. Kikiacha nafasi, ni kazi ya mtu mvivu, na nyuma yake watahamia mende.

Jumanne asubuhi Bosi alikuja na furaha, akachukua kulabu ya kwanza mwenyewe. Kulabu zenyewe zilikuwa za waya mnene, na nyuma zilikuwa na kikonyo kifupi kilichopinda kuelekea juu. Unaiinua kulabu mkia wake juu, unaingiza kikonyo tunduni, halafu unaishusha. Kikonyo kinapanda nyuma ya ubao, kinashika, na hapo unaweza kutundika hata nyundo. Ndivyo alivyoona Nairobi. Hapa kwetu kikonyo kiliingia kidogo, kikagonga lipu, kikakataa. Bosi alijaribu tundu la pili. Alijaribu la chini. Alijaribu kwa nyundo, na kipande cha lipu kikavunjika nyuma ya ubao tukakisikia.

Fundi mmoja alileta wazo la kukata vikonyo kwa msumeno. Kulabu iliyokatwa iliingia vizuri sana. Walitundika spana ya bomba, na kulabu ikatoka vizuri vile vile, spana ikaangukia kiatu cha mwenye wazo. Mwingine akashauri wachimbe lipu kwa patasi nyuma ya kila tundu. Mzee alimwambia matundu ni mengi kuliko siku zake zilizobaki duniani.

Bosi alimsogelea Mzee. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi na alilelewa vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, umeniharibia ubao."

"Ubao uko sawa. Piga pimamaji uone."

"Sitaki uwe sawa, nataka ushike kulabu. Nairobi zinashika. Wewe umefanya nini?"

Mzee aliiweka tena pimamaji juu ya ubao. Bosi akasema mpaka Jumamosi. "Jumamosi ukiwa bado hivi, mzee wangu, itabidi upumzike. Umefanya kazi sana." Sote tulijua maana ya kupumzika. Mzee alikuwa na shamba dogo mlimani, kahawa ambayo bei yake ilikuwa haieleweki, na mke mgonjwa. Alikuwa hajachoka hata kidogo.

Mchana ule nilifungua faili nione kama mzigo unaweza kurudishwa ulikotoka. Hiyo ndiyo nia iliyonipeleka kwenye ile karatasi, na ilikuwa nia mbaya. Nikaisoma mstari kwa mstari, na huo wa mwisho safari hii nikausoma herufi kwa herufi. Haikuwa "spares". Ilikuwa "spacers". Katikati ya spea yangu kulikuwa na herufi nisizozitarajia.

Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, lakini "space" nilikuwa nalijua. Mwalimu wetu alikuwa akituchapa kwalo, kwa kutoacha nafasi kati ya neno na neno. Basi hizi zilikuwa vitu vya kuachia nafasi.

Nilifungua droo nikatoa ile kete nyeusi. Tundu lake lilikuwa la kupita skrubu. Unene wake ulikuwa nusu inchi, nafasi ya kutosha kikonyo kupanda. Ishirini na nne: shiti moja kumi na mbili, mistari mitatu ya nne nne, sawasawa na skrubu alizofunga Mzee. Ndiyo maana skrubu zilikuwa ndefu. Hakuna aliyekuwa anachezea chuma isipokuwa sisi.

Niliirudisha kete kwenye droo nikafunga kwa ufunguo.

Nitasema jinsi nilivyojisikia, kwa sababu hakuna faida ya kuandika haya kama sitasema. Nilifurahi. Ubao ulikuwa umekufa, na aliyeujua ugonjwa wake ni mimi peke yangu. Jumatano foleni ilirudi dirishani kwangu kama kawaida, nikatoa spana, nikapokea spana, nikawafokea watu wawili ambao hawakuwa na kosa. Alhamisi Bosi mwenyewe alikuja kuomba bisibisi, na nikamwambia lete kibati. Alicheka, akaenda kuazima kibati kwa fundi. Niliona dunia imerudi mahali pake.

Upande wa pili wa dirisha, hatua tatu tu, Mzee alikuwa anahangaika. Alifungua shiti moja, akaigeuza nyuma mbele, akaifunga tena. Alilainisha vikonyo kwa tupa. Aliweka kiti akakaa mbele ya ubao akautazama, mikono kwenye magoti. Drafti hakucheza wiki nzima. Mimi nilijishughulisha na daftari langu. Sikuwa na cha kuandika, nikapiga mistari.

Ijumaa saa kumi alikuja dirishani. Alileta drili, pimamaji, nyundo, bisibisi mbili na patasi. Patasi ilikuwa imenolewa.

"Mama, angalia kama nadaiwa."

Nilirudisha vifaa mahali pake, nikatoa vibati vyake kwenye misumari kimoja kimoja, vyote sita, nikaviweka kwenye kaunta. Nikamwambia, "Hudaiwi, Mzee."

Alivisukuma vibati vikarudi upande wangu.

"Kaa navyo," alisema. "Jumatatu sitavihitaji. Mpe kijana mwingine, namba yangu haina mkosi, ni mimi tu mwisho nimekosea."

"Umekosea wapi?"

"Ningejua, ningekuwa nimekosea?"

Aligeuka kwenda. Mimi nilibaki nimeshika vibati sita vya mtu ambaye katika miaka kumi na moja hakuwahi kudaiwa kitu na dirisha langu, wakati dirisha langu lilikuwa linadaiwa naye tangu Jumanne. Nilimwita. Niliita kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka mafundi wakainua vichwa. Aliporudi nilifungua droo nikaweka kete kwenye kaunta, na karibu yake skrubu moja ya inchi mbili na kulabu moja. Sikueleza. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko maelezo yangu.

Aliichukua skrubu akaipitisha kwenye kete. Akaiweka kete kando ya kikonyo cha kulabu, akapima kwa jicho.

"Umejua lini?"

"Jumanne mchana."

"Leo ni Ijumaa."

"Najua."

Nilitegemea aseme kwamba kuteleza si kuanguka, kama wazee wanavyosema wakikusamehe. Hakusema hivyo. Alipandwa na hasira.

"Siku nne nimemwomba Mungu anionyeshe nilipokosea," alisema. "Nyumbani sijala. Mke wangu ananiuliza nina nini, namwambia ukuta. Na wewe umeifungia kwenye droo!"

"Ubao ukifanya kazi, Mzee, mimi sina kazi."

"Na usipofanya, sina mimi."

"Najua."

"Basi tulikuwa tunacheza drafti," alisema, "ila mimi sikuambiwa kwamba nacheza."

Nililia. Sikujificha, ingawa dirisha lilikuwa wazi na Forodha haitakiwi kulia. Yeye alikuwa ameshageuka anaelekea kwenye banda la kuchomelea.

Huko walikuwa katikati ya mchezo. Aliwaambia anazitaka kete zote, sasa hivi. Wakakataa. Walisema mchezo hauvunjwi, kwanza amalize aliyepo. Mzee hakubishana nao. Alimwinua mmoja kwenye kiti, akakaa mahali pake, akauangalia mchezo, akala kete tatu kwa mruko mmoja, akaingia kingi, akamaliza. Akazisomba zote kwenye kofia yake. Zilikuwa ishirini na tatu na kizibo kimoja cha soda. Kizibo aliwaachia.

Jumamosi tulifika kabla ya saa moja, yeye, mimi na mafundi wawili wa kushikilia. Tulifungua skrubu zote na kushusha shiti. Mashimo ya ukutani yalikuwa mazuri, hakuongeza hata moja. Wawili waliinua shiti ya kwanza, mimi nikaingiza mkono nyuma nikishikilia kete juu ya shimo, Mzee akapitisha skrubu kwenye washa, kwenye tundu la ubao, kwenye kete, mpaka kwenye plagi. Tulianza mstari wa juu. Mara mbili nilidondosha kete nyuma, na mara mbili aliiokota mwenyewe akaniwekea kiganjani bila kunitazama, jambo lililoniuma kuliko kama angenifokea.

"Usikaze mno," alijiambia mwenyewe alipofika wa katikati. Alipokaza zaidi ubao ulianza kubonyea pembeni mwa kete, akalegeza robo mzunguko ukanyooka. Tulizifunga nyeupe na nyeusi kama zilivyokuja mkononi. Kete yangu ya droo iliingia mwisho kabisa, kona ya chini, upande wa dirisha.

Alipomaliza aliweka shavu ukutani kama ile siku ya kwanza. Sasa kulikuwa na ufa mweusi wa nusu inchi kutoka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho. Uso wake ulikunjamana.

"Mende watahamia," alisema.

Kisha alichukua kulabu, akaiinua mkia, akaiingiza, akaishusha. Ilishika. Alichukua spana ya magurudumu, nzito kuliko zote stoo, akaitundika. Ubao haukutikisika. Fundi mmoja alipiga makofi, halafu akaona aibu akaacha.

Bosi alifika saa tatu. Alisalimia, akatundika kitu kimoja, kitu cha pili, akapangua akapanga kama mtoto. Halafu akauliza kosa lilikuwa nini. Mzee aliangalia pimamaji. Angenyamaza mpaka leo, nina hakika, na si kwa ajili ya upendo. Hakuwa mtu wa kusemea wenzake.

"Kosa ni langu," nilisema. "Karatasi ilisema vya kuachia nafasi. Mimi nilisoma spea. Nikazitoa wakacheza drafti. Nimejua tangu Jumanne, sikusema."

"Spea?" alisema Bosi. "Mama, mimi nimeuza spea nusu ya maisha yangu. Umewahi kuona inakuja bila kuombwa?"

Alicheka mpaka akashika ubao, nao ukamshikilia. Kisha akaacha kucheka, akanitazama kidogo, akauliza nani atachora maumbo. Ilikuwa wazi ni nani. Hakuna mwingine aliyejua kila kifaa mpaka ukubwa wake. Nilihamisha vifaa vyangu vyote kutoka kwenye misumari, nikavitundika ukutani, vizito juu karibu na skrubu, vidogo chini, nikazungushia kila kimoja mstari mwekundu kwa brashi. Ilinichukua siku tatu. Sikuchora vibaya hata kimoja, nimerudi kuangalia.

Mwisho wa mwezi Bosi aliniita. "Mama, ubao unafanya kazi vizuri sana," alisema, na hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Mzee alibaki. Mafundi walirudi kucheza kwa vizibo.

Siku ya mwisho nilifunga dirisha saa kumi na nusu. Ndani ya stoo kulikuwa na misumari mitupu na mfuko wa vibati. Ufunguo nilimkabidhi Bosi. Mzee alikuwa anafagia maranda karibu na ubao. Tangu ile Ijumaa alikuwa hajazungumza nami zaidi ya salamu, na salamu yenyewe aliitikia tu.

Nilisimama mbele yake na mkoba wangu.

"Mzee," nilisema, "angalia kama nadaiwa."

Aliegemeza ufagio. Akageuka akautazama ubao, kuanzia spana za juu, mstari kwa mstari, mpaka chini kwenye ile kona ya upande wa dirisha. Kila umbo jekundu lilikuwa na kifaa chake. Mtu angeona hilo tangu getini, lakini yeye aliangalia kimoja kimoja, na mimi nikasubiri.

"Hudaiwi," alisema.